Kusoma karatasi ya kipimo cha damu

Wiki hii tumeletewa picha ya karatasi ya majibu ya damu, imepigwa kwa simu. Aliyeileta anauliza: "Mke wangu ana ugonjwa gani?" Ugonjwa hatutautaja, kwani karatasi peke yake haiutaji. Tutamsomea kilichoandikwa.

Kwenye mstari wa HGB, yaani wekundu wa damu unaobeba hewa safi mwilini, pameandikwa 11.6 g/dL. Pembeni kuna kiwango cha kawaida, 13.0 hadi 17.0, na herufi L, maana yake imeshuka. Ingekuwa H, ingekuwa imepanda.

Kiwango hicho hupatikana kwa kupima watu wengi wenye afya, kisha huchukuliwa eneo linalowakusanya 95 katika kila 100. Watano waliobaki nao ni wazima, ila namba zao ziko nje. Kwa hiyo L ni alama ya kuuliza, si hukumu.

Sasa tazama juu ya karatasi, pale pa jinsia. Pako wazi! Mashine imetoa kiwango cha wanaume. Kwa mwanamke asiye mjamzito, Shirika la Afya Duniani huhesabu upungufu wa damu chini ya 12.0, hivyo 11.6 imeshuka kidogo tu. Akiwa mjamzito, mpaka ni 11.0 katika miezi mitatu ya mwanzo na ya mwisho, na 10.5 katika miezi ya katikati. Hapo 11.6 haikushuka. Namba ni ileile, ila maana yake hubadilika kwa hali ya mwenye damu.

Mstari mwingine ni MCV, ukubwa wa chembe nyekundu: 74 fL, na kawaida ni 80 hadi 100. Chembe zake ni ndogo. Mara nyingi hali hii huja madini ya chuma yakipungua, lakini huja pia kwa thalasemia, hali ya kurithi ambayo aina yake moja ipo sana pwani ya Afrika Mashariki. Karatasi hii haiwezi kuzitenganisha. Ndiyo maana daktari anaweza kuagiza kipimo cha feritini, kinachoonesha akiba ya madini ya chuma, na si vyema kukimbilia vidonge kabla yake.

Tahadhari na picha yenyewe. Nukta ikififia, 11.6 husomeka 116. Lakini maabara nyingine huandika 116 kwa makusudi, kwa kipimo cha g/L, na ni kiasi kilekile. Piga karatasi nzima, jina na tarehe vionekane.

Aende nayo kwa daktari, amweleze kama ni mjamzito, hedhi yake ikoje, na achukue majibu ya zamani kama yapo. Akihema kwa shida hata amekaa, akiumwa kifua au akitokwa damu nyingi, asingoje miadi. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.