Kuandika Upya Insha Kigezo kwa Kigezo

Mwanafunzi arudishiwapo insha ya majaribio, aghalabu hutazama alama kisha akaandika upya insha nzima. Makosa mapya huzaliwa pale ya zamani yalipofutwa. Yafaa ayatenge kwanza maoni ya mwalimu kwa vigezo.

Tuchukue sentensi hii: 'Mitihani zikiibwa, wanafunzi huharibikiwa katika maisha yao ya badaye.' Mwalimu amepiga mistari miwili chini ya 'zikiibwa' kuashiria kosa la sarufi, mmoja chini ya 'badaye' kuashiria hijai, na pambizoni akauliza: 'Vipi?' Swali hilo lahusu maudhui, nalo ndilo la kujibiwa kwanza, mengine yakiachwa yalivyo: 'Mitihani zikiibwa, mwanafunzi hupata nafasi ya kozi asiyoimudu, akafeli masomo yake ya badaye.' Hoja sasa ina sababu na tokeo.

Andiko la pili hurekebisha upatanisho wa ngeli ya U-I, 'ikiibwa', na kusaka kosa lilo hilo katika insha nzima, kwa kuwa msahihishaji huenda aliliwekea alama mara ya kwanza tu. Hijai, 'baadaye', huja mwisho: hakuna faida ya kusahihisha tahajia ya sentensi ambayo huenda maudhui yakailazimu ifutwe.