Salio Linapokatwa na Ujumbe wa Namba Fupi

Mkazi akiweka salio la shilingi 50 jioni na kuamka akikuta 40 bila kupiga simu, kwanza ahakikishe hakuna deni la Okoa Jahazi. Kama hakuna, atazame jumbe alizopokea kutoka namba fupi za tarakimu tano: dondoo za mpira, mistari ya dini au mashindano ya bahati nasibu. Huduma ya shilingi 10 kwa siku hula shilingi 300 kwa siku 30.

Kufuta ujumbe au kuzuia namba hiyo kwenye simu hakutoshi, kwa kuwa usajili hubaki kwa mtoa huduma na makato huendelea. Atume neno STOP kwa namba fupi ileile iliyomtumia ujumbe, na asifute jibu la kuthibitisha kujiondoa. Salio likikatwa tena baada ya hapo, jibu hilo ndilo ushahidi wake.

Ili kudai pesa, apigie huduma kwa wateja ya mtandao wake. Kwa Safaricom ya malipo ya kabla ni 100. Ataje namba fupi, tarehe na kiasi kilichokatwa, aseme hakujisajili, kisha aombe namba ya lalamiko na kuiandika.

Asiporidhika na jibu, apeleke lalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya akiambatisha namba hiyo. Mamlaka humtaka mlalamishi aanze na kampuni ya simu, hivyo asiruke hatua hiyo.