Meneja Anarithi Nini Kutoka kwa Keshia?

Wateja wetu wenye biashara hutuuliza swali hili mara kwa mara: "Nimemwondolea meneja ruhusa ya kurudisha pesa kwa wateja, mbona bado anaweza?" Kosa si la simu. Ni vile ngazi za watumiaji zinavyofanya kazi, na leo tuone kwa mfano.

Tuchukue duka la pembejeo mjini Kakamega lenye tawi Malava na lingine Khayega. Mama mwenye duka ameweka watumiaji wa aina tatu kwenye akaunti ya biashara. Keshia anaona mauzo na kurudisha pesa mteja akilipa zaidi. Karani wa malipo anaandaa malipo ya wanaoleta mbolea na mbegu. Meneja anaidhinisha malipo hayo. Kisha mama akamweka meneja juu ya wote wawili, kwa sababu ndiye bosi wao.

Hapo ndipo urithi unaingia. Mfumo wa ngazi husema hivi: aliye juu anaweza kila kitu anachoweza aliye chini, na pia mambo yake mwenyewe. Faida yake ni kwamba huhitaji kumwandikia meneja ruhusa moja moja. Lakini sasa meneja ana ruhusa ambazo mama hajampa kwa mkono wake.

Mshangao wa kwanza ni lile swali la mwanzo. Mama akifungua ukurasa wa meneja na kufuta "kurudisha pesa", hakuna kinachobadilika, maana ruhusa hiyo inapanda kutoka kwa keshia. Akiifuta kwa keshia nayo, imetoka kwa meneja, lakini keshia naye hawezi tena kumrudishia mteja hata bob hamsini.

Mshangao wa pili ndio unaouma zaidi. Mama alitaka kila malipo yapite mikono miwili: karani aandae, meneja aidhinishe. Lakini meneja amerithi kuandaa. Kwa hiyo saa tatu usiku, duka limefungwa, anaweza kuandaa malipo ya shilingi 48,000 na kuyaidhinisha mwenyewe kwa simu ileile. Mfumo hautalalamika, kwa sababu kila hatua ina ruhusa. Mikono miwili imekuwa mmoja.

Mshangao wa tatu huja polepole. Msimu wa kupanda, kazi ikiwa nyingi, mama anamruhusu karani kubadilisha namba za simu za wauzaji. Alifikiria mtu mmoja tu. Lakini ruhusa hiyo imepanda hadi kwa mameneja wote watatu, wa mjini, wa Malava na wa Khayega, na hakuna meseji iliyomwambia.

Jambo hili si geni kwa wataalamu. David Ferraiolo na Richard Kuhn wa Marekani waliandika kuhusu kugawa ruhusa kwa majukumu mwaka 1992. Mwaka 1996 Ravi Sandhu na wenzake wakaeleza ngazi hizi, na wakaonyesha kwamba kuna ruhusa ambazo hazifai kupanda. Dawa yao ni rahisi: ruhusa hizo ziwekwe kwenye jukumu la pembeni, ambalo halina mtu juu yake.

Kwa duka letu, hii inamaanisha "kuandaa malipo" kutoka kwenye ngazi ya meneja. Karani abaki chini ya meneja kwa mambo ya kawaida kama kuona mauzo, lakini kuandaa kuwe jukumu la pembeni ambalo yeye peke yake amepewa. Kama mfumo unaotumia una kanuni inayosema aliyeandaa malipo haruhusiwi kuyaidhinisha, iwashe pia. Kanuni hiyo humtazama mtu, si cheo, kwa hiyo inamkamata hata aliyerithi.

Ukitaka kujua duka lako liko wapi, jaribu hivi. Mwombe meneja, ukiwa umekaa naye, aandae malipo ya shilingi 10 kwenda kwa namba yako, kisha ajaribu kuyaidhinisha. Yakipita, umepata jibu. Halafu fungua ripoti ya mwezi uliopita na utafute malipo ambayo jina la aliyeandaa na la aliyeidhinisha ni moja. Si lazima kuwe na wizi. Pengine karani alikuwa mgonjwa siku hiyo. Uliza tu, malipo moja moja.

Jambo moja la mwisho: hakuna mpangilio unaosaidia kama karani amempa meneja namba yake ya siri. Kwenye ripoti yataonekana majina mawili, kumbe aliyebonyeza ni mmoja.