Kushika na Kuachilia: Uteuzi wa Chumvi katika Kutenganisha Protini

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kufafanua namna mtafiti anavyoteua chumvi, pamoja na kiwango chake cha kuanzia, anapotenganisha protini kwa kutegemea tabia yake ya kuchukia maji. Mfano wetu ni protini ya kijani ing'aayo, ambayo Osamu Shimomura na wenzake waliitaja mwaka 1962 walipokuwa wakichunguza yavuyavu. Siku hizi protini hiyo huzalishwa ndani ya bakteria waliopandikizwa jeni yake. Inatufaa kwa kuwa huonekana kwa macho chini ya miale ya urujuanimno.

Protini iliyomo majini huficha ndani sehemu zake nyingi zinazochukia maji, ila baadhi husalia juu yake mithili ya mabaka. Chumvi nyingi ikiyeyushwa humo, mabaka hayo huzidi kuyakimbia maji na kutafuta pa kuegemea. Kolamu iliyojazwa punje zenye vikundi vya fenili huwa ndiyo egemeo lenyewe. Chumvi ikipunguzwa, protini huachilia. Ndiyo maana mteremko wa chumvi hapa ni wa kushuka, ilhali katika kromatografia ya kubadilishana ioni chumvi hupandishwa.

Uteuzi wa Chumvi

Si kila chumvi ina nguvu sawa. Franz Hofmeister alionyesha mwaka 1888 kwamba chumvi hutofautiana katika uwezo wa kuzigandisha protini, na mpangilio huo ndio unaotuongoza hadi leo. Salfati ya sodiamu ina nguvu, lakini haiyeyuki vyema kwenye baridi. Katika chumba cha nyuzi 4 hujenga fuwele na kuziba mirija. Kloridi ya sodiamu huyeyuka vizuri, ila ni dhaifu, na aghalabu huhitaji moli 3 hadi 4 kwa lita. Salfati ya amonia ina nguvu na huyeyuka kwa wingi hata kwenye baridi, kwa hivyo ndiyo hujaribiwa kwanza. Kasoro yake ni kwamba pH ikizidi 8 hutoa gesi ya amonia. Basi tuchague bafa ya pH 7.

Kiwango cha Kuanzia

Kiwango cha kuanzia kina mipaka miwili. Kikiwa chini mno, protini hupita bila kushikwa. Kikiwa juu mno, protini hugandamana kabla ya kufika kwenye punje, na kazi ya siku kadhaa ikapotea.

Mipaka hiyo hutafutwa kwa vijaribio vidogo. Chukua safu mbili za mirija yenye mchujo wa bakteria, na chumvi ya moli 0.5, 1.0, 1.5 na 2.0 kwa lita. Safu ya kwanza iachwe bila punje. Ya pili itiwe punje, itikiswe, kisha punje ziachwe zitulie. Tuchukulie kwamba katika safu ya pili maji ya juu yanang'aa kwa moli 0.5, yanang'aa kidogo kwa 1.0, na hayang'ai kamwe kwa 1.5. Katika safu ya kwanza, mrija wa moli 2.0 pekee umekuwa na ukungu. Hapo tutaanzia moli 1.5: protini inashikwa, wala haijaanza kugandamana. Majaribio haya yafanywe katika halijoto ileile ya kolamu, kwani joto likiongezeka mshiko nao huongezeka.

Ili kuufikisha mchujo wa mililita 10 kwenye moli 1.5, ongeza mililita 10 za salfati ya amonia ya moli 3. Itiwe tone kwa tone huku ikikorogwa, kwani ikimwagwa kwa pamoja, protini huganda pale inapoangukia.

Kushusha Chumvi

Kolamu ya mililita 1 kwanza isawazishwe kwa bafa yenye moli 1.5. Baada ya kupakia mchujo na kuosha, chumvi ishushwe taratibu hadi sufuri kwa mililita 15. Iwapo mng'ao unatoka pale kipima upitishaji umeme kinapoonyesha takriban moli 0.75, tumejifunza jambo: mara nyingine twaweza kujaribu kuanzia 1.2, ili protini zenye mshiko dhaifu zipite mapema bila kuijaza kolamu.

Kosa nalo hujionyesha. Mng'ao ukitoka wakati wa kupakia, ama chumvi ni haba ama kolamu imejaa kupita kiasi. Shinikizo likipanda, yamkini protini inaganda ndani. Mng'ao ukisalia kwenye kolamu hata chumvi ikiisha, kuongeza chumvi si dawa. Punje zenyewe zina mshiko mkali mno, na zinapaswa kubadilishwa kwa nyingine zilizo laini zaidi.

Hitimisho

Kwa muhtasari, kiwango bora cha chumvi ni kile kidogo kabisa kinachoishika protini tunayoitaka kikamilifu. Hakisomwi jedwalini, kwa kuwa kila protini ina mabaka yake. Hupatikana katika mirija michache kabla ya mchujo wote kumiminwa kwenye kolamu.