Namna ya Kujibu Mchuuzi Anapotaja Bei ya Chini

Musimu uliopita nilikuwa nimesimama karibu na mizani ya koperative moja ya Kalehe, siku ya kuuza maharagi. Msemaji wao alianza vizuri. Mama mchuuzi kutoka Bukavu alikuwa ametaja franka 1300 kwa kilo, naye akamujibu kwa upole kwamba kwa bei hiyo hawawezi kuuza. Mara mwanamemba mmoja akasema kwa nguvu toka nyuma: «Chukua tu mama, mie niko na mtoto hospitali!» Mchuuzi akanyamaza, akafunga kitabu chake, na toka hapo hakuongeza hata franka kumi.

Siwezi kumulaumu yule baba. Kosa lilikuwa la sisi tuliotayarisha mauzo. Mbele ya siku ile tungeuliza nani ana haja ya haraka, tukamupa kitu kidogo toka kasha la koperative, kisha tukakata kwenye sehemu yake kisha mauzo. Mwenye haja hawezi kuvumilia mazungumzo ya saa moja, na mchuuzi anajua kabisa kumutambua. Basi somo linaanzia hapo: mtu mmoja anasema, mwingine mmoja anaandika, wengine wote wananyamaza. Mwenye wazo anamunongoneza msemaji, ao anaomba watoke inje kidogo.

Jambo la pili la mbele ni hesabu. Tuchukue mfano wa mifuko 20 ya kilo 100, yaani kilo 2000. Mumepiga simu kwa mtu mnayemuamini Bukavu, amewaambia kwamba ku depo za Kadutu wananunua kwa 2000 kilo moja. Gari toka kwenu mpaka kule linaomba franka 15.000 kwa mfuko, na kupakiza, kushusha na malipo ya njiani yanafika 5.000. Hiyo ni franka 200 juu ya kila kilo. Mchuuzi naye lazima apate faida, tumuwekee 150. Inabaki 1650, na hiyo ndiyo bei ambayo anaweza kulipa bila kuumia. Ninyi wenyewe mumehesabu mbegu, vibarua, mifuko na deni, mkaona kwamba chini ya 1500 ni afazali kuweka maharagi ku depo. Andikeni hiyo 1500 ku karatasi, msemaji aiweke mfukoni, na mtu asiitaje. (Bei hizi ni za mfano. Kila musimu mutapiga simu upya.)

Sasa mchuuzi anafika. «Maharagi iko mingi ku soko,» anasema. «Niko natoa 1300.»

Hapa wengi wetu tunaharibu kwa njia mbili. Kuna wanaokasirika: «Munatuibia kila mwaka!» Mchuuzi anajibu matusi, na bei inasahauliwa. Kuna wengine wanaolia: «Mama, utuonee huruma, tuko maskini.» Huyo amekwisha kumuambia kwamba hana pahali pengine pa kuuza. Jibu zuri ni fupi, na sauti inabaki ya chini kama ya mtu anayeongea na jirani:

«Karibu mama, na aksanti kwa safari. Kwa 1300 hatuwezi. Sisi tunaomba 1750.»

Kisha unanyamaza. Usieleze, usiongeze «lakini tunaweza kusikilizana». Kimya kitakuwa kirefu, miguu itataka kusogea, lakini muache yeye aongee. Mara nyingi atatafuta sababu: «Hii maharagi yenu haijakauka.» Usibishane kwa mdomo. Mulete chupa ya glasi iliyo kavu, mutie maharagi mpaka sehemu ya tatu ya chupa, na vijiko viwili ao vitatu vya chumvi kavu. Mutikise dakika moja, kisha muache robo saa. Chumvi ikishikamana na ukuta wa chupa, maharagi yana maji zaidi ya asilimia 15, na mama anasema kweli. Ikibaki chini bila kushika, hoja yake imekwisha. Heri mufanye jaribio hilo wenyewe siku mbili mbele. Mufuko wa kilo 100 ukikaushwa toka asilimia 16 mpaka 13 unapoteza karibu kilo tatu na nusu, kwa hiyo mchuuzi hapunguzi bure tu.

Tuseme chumvi haikushika. Mama anapanda mpaka 1400. Sasa ni zamu yenu kushuka, na hapa ndipo pa kushika sana: musishuke bila kuomba kitu. Sentensi inaanza na «kama».

«Tunasikia, mama. Kama tunapima kwa mizani yetu, mufuko kwa mufuko, tutakuwa kwa 1680.»

Kama anaona mashaka juu ya mizani yenu, muijaribu mbele yake. Bidoni tupu inapimwa kwanza, kisha inajazwa lita 20 za maji; mizani inapaswa kuonyesha kilo 20 zaidi. Mutafanya vilevile na mizani yake kama anashikilia kuitumia.

Mama anakubali mizani, anasema 1500. «Kama unachukua mifuko yote 20, bila kuchagua, tutafika 1630.» Anasema 1550. «Kama unalipa yote leo, mbele gari halijaondoka, tutafanya 1600. Hapo ndipo tunafikia.» Muangalie namna mumeshuka: franka 70, kisha 50, kisha 30. Hatua zinazopunguka zinamuonyesha kwamba mumekaribia chini. Mukishuka 100 kila mara, atangoja mia ingine. Na hayo maneno «hapo ndipo tunafikia» yanasemwa mara moja tu. Ukiyasema kisha ukashuka tena, musimu unaokuja hakuna atakayeyaamini.

Ku 1600 munapata franka 3.200.000. Ku 1300 mungepata 2.600.000.

Kuna mtego mmoja unaokuja wakati huu, na unapendeza sana. Mama anasema: «Basi nitawapa hata 1700, lakini franka nitaleta kisha wiki tatu.» Wanamemba wanaanza kutabasamu. Muhesabu: munaongezewa franka 200.000, lakini mumeweka 3.400.000 mikononi mwa mtu. Gari likipinduka, ao bei ikianguka Bukavu, ni ninyi mutangoja. Jibu halihitaji kumuita mwongo: «Mama, tunakuamini. Lakini maharagi ni ya watu wengi, na tuliwaahidi kugawa leo. Tubaki kwa 1600 keshi.» Kama hana yote, nusu ilipwe na nusu ya mifuko ibaki ku depo yenu mpaka arudi. Kama anataka kulipa kwa dola, mukubaliane dola moja ni franka ngapi mbele ya kuanza kupima. Mambo hayo yakiachwa mpaka mwisho, bei mliyoitafuta saa nzima inapotelea kwenye kubadilisha.

Na akikataa kabisa kupita 1450? Musimufukuze. «Aksanti mama, leo hatukusikilizana. Ukibadilisha mawazo, namba yetu unayo.» Wengine wanarudi mbele ya kufika barabara kubwa. Wengine hawarudi, na hapo maharagi yatalala ku depo. Kwa hiyo muyatie dawa ya mende wa maharagi, ao muyafunge ndani ya mifuko isiyopitisha hewa, mbele ya siku ya mauzo.

Mukisikilizana, mwandishi anasoma kwa sauti mbele ya kupakiza: «Mifuko 20, mizani yetu, 1600 kwa kilo, keshi, leo.» Mama anajibu ndiyo mbele ya watu wote, anatia mkono ku karatasi, ndipo vijana wanabeba mufuko wa kwanza.