Umri wa Washiriki Uandikwe kwa Tarehe

Swali: Sekondari yetu inaandaa mashindano ya kandanda ya kompyuta. Tangazo linasema "wasiozidi miaka 16". Linatosha?

Jibu: Halitoshi, kwa sababu halisemi miaka hiyo inahesabiwa siku gani. Mwanafunzi anaweza kujiandikisha akiwa na miaka 16 na kufikisha 17 kabla ya fainali, kisha aliyefungwa akakata rufaa, tena kwa haki. Andikeni "aliyezaliwa tarehe 1 Januari 2010 au baadaye"; aliyezaliwa 31 Desemba 2009 atajua mapema kwamba hayumo. Fomu iambatane na cheti cha kuzaliwa na saini ya mzazi, na uandikishaji ufungwe wiki moja kabla ya ratiba kupangwa, ili pingamizi zisikilizwe mapema. Asiye na cheti asiachwe nje. Kumbukumbu za uandikishaji wa shule zitumike. Wapo watakaosema kidato kinatosha, lakini darasa moja lina waliochelewa kuanza shule na waliorudia, hivyo kidato hakipimi umri.

Kanuni za mchezo nazo zinataka maneno kamili kama hayo: timu zenye nguvu sawa, bila wachezaji walionunuliwa kwa pesa, na umeme ukikatika dakika ya 60, zichezwe 30 zilizobaki kwa matokeo yaleyale.