Dondoo muhimu: Kutafsiri tangazo la msiba wa Mbekenyera

Tangazo likisema “maziko saa 10 alasiri, Mbekenyera”, kwa Kiingereza au Kireno usiandike 10:00. Andika 16:00, saa za Tanzania, kisha mpigie kila ndugu hesabu yake: Msumbiji 15:00, Maskati 17:00. London ni 13:00 majira ya baridi, 14:00 ya kiangazi. Baada ya Mbekenyera ongeza Ruangwa, Lindi, Tanzania.

Ikiwa maiti itaswaliwa baada ya alasiri, sema kwamba saa hiyo ni makadirio. Hitima iache hivyo hivyo, ila eleza kifupi: kisomo cha kumwombea marehemu, kisha chakula. Tarehe yake waulize wafiwa. Maana “siku ya tatu” wengine huihesabu tangu kifo, wengine tangu maziko.